Sauti na slaidi zisipokwenda pamoja: jinsi ya kutafuta chanzo na kurekebisha

Somo la mtandaoni lenye slaidi na maelezo ya sauti huharibika kwa njia chache zinazojirudia. Neno la mwisho hukatika slaidi inapobadilika, au slaidi hukaa kimya sekunde kumi wakati mwalimu ameshamaliza. Kuna somo linaloanza vizuri, lakini likifika katikati msemaji yuko kwenye jedwali la slaidi ya kumi na mbili na mtazamaji bado anaangalia ya kumi na moja. Kila dalili ina chanzo chake, na wanaorekodi somo zima upya kila mara hupoteza siku nzima kwa kosa ambalo lingetoka kwa kubadilisha tarakimu mbili.

Mwongozo huu unahusu PowerPoint ya Windows, kwa somo ambalo mwishowe hutolewa kama video na kupandishwa kwenye mfumo wa kozi. Majina ya vitufe yameandikwa kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Kabla ya kugusa chochote

Fungua video iliyo kwenye kompyuta yako, ile uliyoitoa mwenyewe, na uicheze kutoka hapo. Usiicheze kupitia kivinjari. Kama sauti na slaidi zinakwenda sawa hapo na zinakosana tu kwenye mfumo wa kozi, faili la PowerPoint halina kosa. Chanzo kiko kwenye upandishaji, kwenye mtandao, au kwenye kifaa cha mtazamaji. Kama kosa lipo hata kwenye faili lako, endelea kusoma.

Kisha fungua wasilisho na uende `View`, halafu `Slide Sorter`. Hapo slaidi zote hujipanga kama picha ndogo, na chini ya kila moja huonekana muda wake wa kukaa, kwa mfano 00:42. Mtazamo huu ndio ramani yako. Slaidi isiyo na muda wowote chini yake haina maagizo ya kuondoka yenyewe. Slaidi yenye aya ndefu ya maelezo lakini muda wa sekunde nne inajionyesha papo hapo kuwa na hitilafu. Watu wengi hufungua slaidi moja moja kutafuta kosa ambalo hapa lingeonekana kwa kutupia jicho mara moja.

Baada ya hapo pima ukubwa wa kosa. Chagua sehemu tatu za video, mwanzoni, katikati na karibu na mwisho. Kila sehemu, andika sauti inapoanza kuzungumzia slaidi fulani na slaidi hiyo inapoonekana. Tofauti ya nyakati hizo mbili ndiyo kosa. Swali la kujiuliza ni moja: kosa liko kwenye slaidi chache tu, liko sawasawa kote, au linakua kadiri somo linavyosonga? Majibu hayo matatu yana vyanzo tofauti kabisa, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Dalili: neno la mwisho au la kwanza limekatika

Msemaji anasema "kisha tunajumlisha safu ya mwi…", slaidi inabadilika, na sentensi inayofuata inaanza katikati. Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote kwa wanaorekodi ndani ya PowerPoint yenyewe.

Chanzo ni namna programu inavyorekodi. PowerPoint haiweki sauti yako yote kwenye faili moja refu. Kila slaidi hupata kipande chake, na kipande hicho hukaa kwenye slaidi kama alama ndogo ya spika katika kona ya chini kulia. Wakati wa mpito kutoka slaidi moja kwenda nyingine, kurekodi husimama. Ukiongea huku unabonyeza mshale, maneno yaliyotoka mdomoni mwako wakati wa mpito hayakuhifadhiwa popote. Mpito wa sekunde 0.7 humeza neno zima. Wa sekunde 2 humeza nusu ya sentensi.

Kuna namna ya kuthibitisha bila kukisia. Bofya alama ya spika, nenda kwenye kichupo cha `Playback`, kisha `Trim Audio`. Dirisha dogo litafunguka likionyesha wimbi la sauti, likiwa na alama ya kijani mwanzoni na nyekundu mwishoni. Tazama wimbi linapofika kwenye alama nyekundu. Kama bado lina vilele vikubwa hadi ukingoni, neno lilikatwa wakati wa kurekodi. Halimo kwenye faili na hakuna mpangilio utakaolirudisha. Kama wimbi limeshuka na kuwa mstari uliolala kabla ya kufika ukingoni, neno limo salama, na kinachokosea ni muda au namna sauti inavyoanzishwa, mambo ambayo tutayafikia.

Neno likiwa halimo, rekodi slaidi hiyo moja tu. Simama juu yake, nenda `Slide Show`, kisha kwenye `Record` chagua kuanzia slaidi uliyopo, `From Current Slide`. Rekodi, kisha simamisha kabla ya kwenda slaidi inayofuata, kwa sababu ukiendelea mbele utaifuta sauti iliyokuwa nzuri huko na kuweka mpya juu yake.

Wakati wa kurekodi, slaidi ikishaonekana yote, nyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kama nusu sekunde, ndipo uanze. Ukimaliza sentensi ya mwisho, funga mdomo, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo ubonyeze. Ukimya huo wa sekunde moja unaonekana mrefu sana ukiwa mbele ya maikrofoni. Kwa msikilizaji ni pumzi ya kawaida tu, na ndio unaompa nafasi ya kuhamisha macho kwenda kwenye slaidi mpya.

Kama neno la kwanza ndilo linalopotea kwenye kila slaidi ingawa ulinyamaza vizuri, shuku maikrofoni. Baadhi ya vifaa vya blututhi huchelewa kidogo kuamka baada ya kupumzika, na kile kinachosemwa kabla havijaamka hakifiki. Rekodi slaidi mbili kwa maikrofoni ya waya na ulinganishe. Tatizo likitoweka, umempata mkosaji.

Dalili: msemaji amemaliza, slaidi bado imekaa kimya

Hapa mtazamaji hudhani video imekwama. Chanzo karibu siku zote ni kwamba muda wa slaidi na urefu wa sauti ni vitu viwili tofauti ambavyo PowerPoint huvihifadhi mahali tofauti. Ukirekodi, vyote viwili huandikwa kwa pamoja, kwa hiyo huonekana kama kitu kimoja. Lakini ukikata mwisho wa sauti kwa `Trim Audio`, sauti hufupika na muda hubaki ulivyokuwa. Ukifuta alama ya spika na kuingiza faili jipya, muda wa rekodi ya zamani bado upo. Hata ukifuta sauti yote, slaidi itaendelea kukaa sekunde zilezile, kimya.

Muda wenyewe unaishi kwenye kichupo cha `Transitions`, upande wa kulia, penye `After`. Kisanduku chake kinaandikwa kwa dakika, sekunde na mia za sekunde, kama 00:41.50. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Njia ya uhakika kwa sauti iliyorekodiwa nje ya PowerPoint ni kuandaa kila faili likiwa na ukimya wake ndani: nusu sekunde mwanzoni, sekunde moja mwishoni. Kisha pima urefu wa faili na uandike urefu huohuo kwenye `After`, ukipandisha kidogo. Urefu unaosomeka kwenye orodha ya mafaili mara nyingi hukosa sehemu za sekunde, hivyo hautoshi kwa kazi hii. Ukiwa na ffprobe, programu ya kusoma taarifa za mafaili ya sauti na video, amri hii hutoa urefu kamili wa faili s07.wav kwa sekunde:

```
ffprobe -v error -show_entries format=duration -of csv=p=0 s07.wav
```

Ikileta 41.386, andika 00:41.50. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya sekunde haisikiki, lakini inalinda mwisho wa faili. Kwa kuwa kimya cha mwisho kimo ndani ya sauti yenyewe, huna haja ya kukikadiria tena kwenye `After`.

Kama ulirekodi ndani ya PowerPoint na umeharibu muda wa slaidi nyingi kwa kukatakata sauti, fanya hesabu hiyohiyo kwa urefu unaoonyeshwa kwenye dirisha la `Trim Audio`, au rekodi upya slaidi husika. Kuwa mwangalifu na menyu ya `Clear` iliyo chini ya `Record`. `Clear Timing on Current Slide` hufuta muda na kuiacha sauti. `Clear Narration on Current Slide` hufuta sauti. Majina yanafanana sana kwa mtu aliyechoka, na kuna nyingine mbili zinazogusa slaidi zote kwa mpigo. Hifadhi nakala ya faili kabla ya kuingia kwenye menyu hiyo.

Dalili: sauti haipo, au slaidi zote zina muda sawa

Kama video iliyotoka inabadilisha slaidi kila baada ya sekunde 5 bila kujali mwalimu alisema nini, na pengine haina sauti kabisa, kosa limetokea wakati wa kutoa video. Kwenye `File`, `Export`, `Create a Video` kuna orodha ndogo yenye chaguo mbili: `Don't Use Recorded Timings and Narrations` na `Use Recorded Timings and Narrations`. Ya kwanza hupuuza kazi yako yote na kutumia idadi moja ya sekunde kwa kila slaidi, na idadi hiyo ikiwa haijabadilishwa ni 5. Chagua ya pili, toa video tena. Hakuna kingine cha kurekebisha.

Kama muda ni sahihi lakini slaidi moja au mbili tu hazina sauti, bofya alama ya spika kwenye slaidi hizo na utazame `Start` kwenye kichupo cha `Playback`. Sauti iliyoingizwa kwa `Insert` huweza kuwa kwenye `In Click Sequence` au `When Clicked On`, maana yake inasubiri mtu aibofye. Ndani ya video hakuna mtu wa kubofya. Ibadilishe iwe `Automatically`.

Hapohapo kwenye `Playback` kuna kisanduku cha `Play Across Slides`. Hiki kinafaa kwa muziki wa nyuma, na ni sumu kwa maelezo ya slaidi. Kikiwa kimewekwa alama, slaidi ikiondoka sauti yake haiondoki nayo. Inaendelea juu ya slaidi inayofuata, na mtazamaji husikia sauti mbili za mwalimu mmoja zikisemezana. Ukikutana na sauti mbili zinazopandana, rudi kwenye slaidi iliyotangulia, si hii unayoitazama, na uondoe alama hiyo. Kitufe cha `Play in Background` nacho huweka alama hiyo kimyakimya, kwa hiyo mtu anaweza asijue ilitoka wapi.

Dalili: kosa dogo, lilelile, kote

Kila slaidi inachelewa kwa theluthi ya sekunde hivi, kuanzia ya pili hadi ya mwisho, bila kuongezeka. Hii huwapata wanaocheza sauti iliyokwisha kurekodiwa huku wakibonyeza mshale kwenye `Rehearse Timings` kila wanapoisikia hoja mpya ikianza. Mkono wa binadamu huchelewa kuitikia sikio. Ukiongeza vipokea sauti vya blututhi, ambavyo huleta sauti masikioni baada ya kuchelewa kidogo, makosa mawili hujumlishwa. Hata hivyo hayakui, kwa sababu kila ubonyezaji unalinganishwa upya na sauti inayocheza.

Dawa ni kusikiliza kwa waya na kubonyeza katika ukimya ulio kati ya hoja mbili badala ya kusubiri neno la kwanza la hoja mpya. Anayebonyeza kwenye ukimya hata akichelewa bado yuko ndani ya ukimya.

Dalili: kosa linakua kadiri somo linavyosonga

Hii ndiyo inayowachosha watu zaidi, maana kila ukirekebisha slaidi moja zile zinazofuata zinabaki na kosa. Huwapata wenye faili moja refu la sauti lililowekwa kwenye slaidi ya kwanza, likicheza kupita slaidi zote, huku muda wa kila slaidi umeandikwa kwa kupima sauti hiyo.

Tuchukue somo la slaidi 24 lenye sauti ya dakika 18. Kila slaidi imepewa mpito wa `Fade` wa sekunde 0.70, na `After` ya kila slaidi imejazwa kwa kupima hoja kwenye sauti: hoja ya kwanza ina sekunde 31, kwa hiyo slaidi ya kwanza imepewa 00:31.00, na kadhalika. Mwandaaji amepima kwa makini, na hesabu ya jumla inalingana na sauti. Bado video inakwenda kombo, sauti ikitangulia na picha ikichelewa. Vipimo vitatu vinatoa haya: slaidi ya 6, ambayo sauti yake inaanza dakika ya 2 na sekunde 10, inachelewa kwa sekunde 3.5. Slaidi ya 11, dakika ya 6 na sekunde 40, inachelewa kwa sekunde 7.0. Slaidi ya 21, dakika ya 16, inachelewa kwa sekunde 14.0.

Sasa gawanya kosa kwa njia mbili. Kwanza kwa idadi ya mabadiliko ya slaidi yaliyotangulia. Kufika slaidi ya 6 kuna mabadiliko 5, na 3.5 kwa 5 ni 0.7. Kufika ya 11 ni mabadiliko 10, na 7.0 kwa 10 ni 0.7. Kufika ya 21 ni 20, na 14.0 kwa 20 ni 0.7 tena. Kisha gawanya kwa dakika zilizopita: 3.5 kwa dakika 2.17 ni 1.6, kosa la pili ni 1.05 kwa dakika, la tatu ni karibu 0.9. Mgawanyo wa kwanza umetulia kabisa, wa pili unayumba. Kwa hiyo kosa linafuata idadi ya slaidi, halifuati saa, na kiasi chake ni urefu uleule wa mpito.

Sababu ni kwamba `After` huanza kuhesabiwa baada ya mpito kumalizika. Slaidi yenye `After` ya sekunde 31 na mpito wa sekunde 0.7 kwa kweli inachukua sekunde 31.7. Sauti ndefu haijui habari za mipito, inaendelea tu. Kila slaidi mpya huongeza sekunde 0.7 juu ya deni la zile zilizotangulia.

Kama somo linatakiwa leo, chagua slaidi zote kwenye `Slide Sorter`, nenda `Transitions` na uchague `None`. Muda uliokuwa unaongezeka unatoweka, na slaidi hubadilika papo hapo. Kwa somo la kufundisha, mabadiliko ya papo hapo hayana ubaya wowote. Unaweza pia kubakiza mpito na kutoa 0.7 kwenye kila `After`, ila utalazimika kukumbuka hesabu hiyo kila utakapobadilisha chochote.

Dawa ya kudumu ni kulikata faili refu. Lifungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, weka mshale katikati ya ukimya ulio kabla ya kila hoja na ubonyeze `Ctrl+B`. Lebo itatokea chini ya wimbi. Ipe lebo jina lenye namba ya slaidi kwa tarakimu mbili, s01, s02, ili mafaili yajipange yenyewe. Ukimaliza, kwenye dirisha la kutoa sauti chagua mafaili mengi kufuata lebo. Utapata vipande 24, kila kimoja kikiingizwa kwenye slaidi yake na `Start` ikiwa `Automatically`. Tangu hapo kosa la slaidi moja haliwezi kuvuka kwenda slaidi nyingine, kwa sababu kila slaidi inaanza saa yake upya. Tena ukibadilisha mpangilio wa slaidi, sauti huhama na slaidi yake. Ni kazi ya saa moja hivi mara ya kwanza, na inalipa siku utakapotakiwa kubadilisha slaidi ya 9 peke yake.

Vipimo vikitulia upande wa dakika badala ya upande wa slaidi, tafuta kwenye faili la sauti lenyewe. Sauti ya dijitali hurekodiwa kwa idadi fulani ya sampuli kwa sekunde, kwa kawaida 44100 au 48000. Sauti iliyorekodiwa kwa 44100 na kuchezwa na kifaa au programu inayoidhani ni 48000 huenda haraka: dakika moja humalizika kwa sekunde 55.1. Inakuwa fupi na nyembamba kidogo, kama msemaji ana haraka. Ikiwa kinyume, dakika moja huwa sekunde 65.3 na sauti huwa nzito. Kosa la karibu sekunde tano kwa kila dakika, likiambatana na sauti isiyofanana na ya mwenyewe, ni alama ya jambo hili. Usijaribu kulirekebisha kwa kugusa muda wa slaidi. Rudi kwenye faili la awali, litoe upya kwa 48000 lote, na uhakikishe vipande vyote vya somo vina idadi hiyohiyo.

Dalili: slaidi iko sawa, lakini vipengele vyake vinatokea kabla au baada ya kutajwa

Slaidi ina hoja nne zinazotokea moja baada ya nyingine, na msemaji yuko kwenye hoja ya pili wakati ya tatu imeshaonekana. Kama ulirekodi ndani ya PowerPoint huku ukibofya, mibofyo ilihifadhiwa pamoja na sauti. Rekodi slaidi hiyo tena na ubofye mwishoni mwa sentensi iliyotangulia.

Kwa sauti iliyoingizwa, fungua `Animation Pane`. Tazama sauti iko nafasi ya ngapi kwenye orodha. Sauti ikiingizwa baada ya uhuishaji kupangwa huwekwa chini kabisa, kwa hiyo inasubiri zilizo juu yake zimalizike. Kama kichwa cha slaidi kinachukua sekunde 2 kuingia, msemaji anaanza sekunde 2 baadaye na kila kitu kinachopangwa kwa kufuata sauti kinapotea. Iburute sauti hadi juu kabisa na uipe `With Previous`. Kila hoja nayo ipe `With Previous`, kisha kwenye `Delay` andika sekunde ambayo inatajwa, ukihesabu kutoka mwanzo wa sauti.

Sikiliza faili na uandike nyakati kwenye karatasi. Tuseme hoja ya kwanza inatajwa sekunde ya 4.2, ya pili 12.8, ya tatu 21.0, ya nne 33.5. Toa karibu 0.3 kwenye kila moja, ili maandishi yatangulie neno kidogo: 3.9, 12.5, 20.7, 33.2. Jicho likipata maandishi kabla tu ya sikio kupata neno, mtazamaji huona vimekuja pamoja. Vikija kwa wakati uleule kabisa, maandishi huonekana yamechelewa, hasa kama yanaingia polepole.

Faida ya `With Previous` kwa wote ni kwamba nyakati zote zinahesabiwa kutoka sehemu moja. Ukitumia `After Previous`, kila hoja inahesabiwa kutoka kumalizika kwa ile ya juu yake, na ukisogeza moja, zote za chini zinasogea.

Kukagua baada ya kurekebisha

Kuangalia somo zima tena si lazima, na mara nyingi ndiko kunakofanya makosa yapite, kwa kuwa ukisikiliza sauti yako mwenyewe kwa dakika 18 akili huhama. Kagua viungo tu. Toa video, kisha ruka hadi sekunde tatu kabla ya kila mabadiliko ya slaidi na usikilize hadi sekunde tatu baada yake. Kwa slaidi 24 kuna viungo 23, vyenye jumla ya sekunde 138 za kutazama. Kwenye kila kiungo sikiliza neno la mwisho likimalizika, ukimya mfupi, picha kubadilika, na neno la kwanza likiwa zima. Anza na viungo vya mwisho na urudi nyuma. Kama kuna kosa linalokua, huko ndiko lilikofikia ukubwa wake wote, na utalibaini kwenye kiungo cha kwanza utakachokitazama.